Kiingilio, Msimu na Foleni: Mwongozo wa Vivutio vya Ufuo wa Ziwa Mweru na Maporomoko Yake

Mtego wa watalii, kwa maana itakayotumika katika mwongozo huu, ni mahali au huduma ambayo bei yake imepangwa kwa kuangalia ugeni wa mnunuzi kuliko gharama ya kile anachopewa, na ambayo muuzaji wake hana haja ya kumridhisha mteja kwa sababu hatarajii kumwona tena. Katika miji iliyozoea wageni, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtego huo una sura inayojulikana: kuna papasi, yaani dalali wa mitaani anayemfuata mgeni akitafuta kamisheni, kuna duka la vinyago ambako dalali huyo hulipeleka kundi lake bila kuulizwa, na kuna mkahawa wenye menyu mbili. Nchelenge haiko hivyo. Mji huu mdogo wa Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, umekaa kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, umeungana na Kashikishi kiasi kwamba mgeni hajui anapotoka mmoja na kuingia mwingine, na ng'ambo yake ni Kongo. Uchumi wake ni samaki. Mtalii hapa ni nadra, na hakuna lango la tiketi ambalo watu wanajipanga mbele yake.

Kwa hiyo neno foleni linahitaji kupanuliwa kidogo kabla ya kuendelea. Foleni ya ukanda huu ni muda wote ambao msafiri anautoa kabla ya kukiona alichokifuata: saa za ndani ya basi, kungoja boti ijae abiria, kukaa juani uwanjani kabla ya sherehe kuanza, na hata miezi ya kusubiri mto ujae. Mtego nao hubadilika sura. Ni mara chache mgeni wa Luapula atauziwa kitu cha uongo. Mara nyingi atauziwa kitu cha kweli katika mwezi usio wake, au atatozwa bei ya boti nzima pale alipohitaji kiti kimoja. Mambo hayo mawili, msimu na kipimo cha bei, ndiyo yanayostahili kuchunguzwa kwa makini, na mengine yote yanaweza kupitiwa kwa haraka.

Nauli na kukodi

Kwenye magati ya Nchelenge na Kashikishi boti moja huwa na bei mbili ambazo zote ni halali. Ya kwanza ni nauli, yaani sehemu ya mtu mmoja katika safari ambayo boti ingeifanya hata bila yeye, kwa kuwa inawabeba wachuuzi, magunia ya dagaa, katoni za soda na watu wanaorudi visiwani kwao. Ya pili ni bei ya kukodi, ambayo inanunua boti nzima, mashine yake, mafuta, nahodha na siku yake ya kazi, kwenda na kurudi. Mgeni anayefika na begi mgongoni akauliza tu bei ya kwenda Kisiwa cha Kilwa, kilichomo ziwani humo, hujibiwa kwa bei ya kukodi, kwa sababu kila aliye pale anaamini kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuketi juu ya gunia. Wala hakuna aliyesema uongo. Kinga yake ni kuuliza kwa ukamilifu: kama bei iliyotajwa ni ya mtu mmoja au ya boti nzima, kama ni ya kwenda peke yake au ya kwenda na kurudi, na kama mafuta yamo ndani ya bei hiyo. Lugha ya kawaida ya ufuo huu ni Kibemba, ingawa wapo wafanyabiashara wengi wanaoelewa Kiswahili kwa sababu ya biashara na Kongo, na msafiri kutoka Tanzania au Kenya ajue kwamba Kiswahili chake kitamfanya adhaniwe kuwa mnunuzi wa samaki kabla ya kudhaniwa kuwa mtalii, jambo ambalo mara nyingi humpunguzia bei.

Pale ambapo kukodi hakuepukiki, bei iliyotajwa inaweza kupimwa kwa hesabu ambayo wavuvi wenyewe huifanya kila siku. Mashine ya boti ya nguvu za farasi 15, ikiendeshwa kwa kasi yake yote, hula takribani lita 6 za petroli kwa saa. Tuseme nahodha anaeleza kwamba safari itachukua saa moja na nusu kwenda na muda huohuo kurudi. Hizo ni saa tatu, sawa na lita 18, na nahodha mwenye busara huongeza theluthi moja ya akiba kwa ajili ya upepo na mawimbi, hivyo jumla ni lita 24. Bei ya lita kituoni si siri, kwa kuwa Bodi ya Udhibiti wa Nishati ya Zambia huipitia na kuitangaza kila mwezi, ingawa petroli inayouzwa kwa chupa kandokando ya barabara huwa ghali zaidi na msafiri akubali tofauti hiyo kama kituo kimekauka. Lita 24 zikizidishwa kwa bei hiyo hutoa gharama ya mafuta, na kinachobaki juu yake ni malipo ya boti, mashine, nahodha na msaidizi wake, pamoja na samaki ambao hawakuvuliwa siku hiyo.

Kwa kipimo cha kukadiria, bei inayokaribia mara mbili ya gharama ya mafuta ni bei ya mtu anayefanya kazi yake kwa haki, na mjadala wa kuipunguza zaidi ya hapo ni uchoyo. Ikifika mara nne au tano, msafiri ana haki ya kuomba maelezo, na swali lililo bora kuliko kulalamika ni kumwomba nahodha ataje lita anazotarajia kutumia. Aliyetaja bei kwa kubahatisha hukwama hapo, ilhali mwenye mashine ya nguvu za farasi 40, ambayo hula zaidi ya mara mbili ya ile ndogo, atakuwa na jibu la kueleweka. Bei iliyo chini ya gharama ya mafuta nayo ni ya kuogopwa kuliko ile ya juu, kwa kuwa ina maana moja kati ya tatu: boti itajazwa abiria wengine kupita kiasi, mafuta ya akiba hayatachukuliwa, au mgeni ataombwa nyongeza akiwa katikati ya ziwa, mahali ambapo hawezi kukataa.

Malipo yagawanywe. Ni haki kumpa nahodha fedha za mafuta kabla ya kuondoka, kwa sababu wengi hawana mtaji wa kuyanunua, na salio lilipwe baada ya kurudi nchi kavu. Anayedai yote kwanza aombwe angalau aonyeshe makoti ya kujiokolea yaliyo ndani ya boti, na hesabu yake ilingane na idadi ya watu. Safari ianze alfajiri, kwa kuwa upepo wa mchana huinua mawimbi mafupi na makali katika ziwa hili lisilo na kina kikubwa, na kuogelea ufuoni kuachwe kabisa, kwa sababu Mweru ina mamba na ina kichocho.

Je, Kisiwa cha Kilwa kinastahili safari hiyo? Kwanza msomaji wa Kiswahili aepushwe na mkanganyiko ambao hauwezi kumpata mgeni wa Ulaya. Magofu ya misikiti na kasri za mawe ya matumbawe, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yako Kilwa Kisiwani, kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, na yeyote anayedokeza kwamba Kilwa ya Mweru ina magofu ya namna hiyo ama amesoma ramani isiyo yake, ama anatafuta wateja. Pili, iko Kilwa ya tatu, ambayo ni mji wa Kongo kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa hilihili. Kupanda boti inayoelekea mji huo badala ya kisiwa ni kuvuka mpaka wa kimataifa, na kufanya hivyo bila kugonga muhuri wa uhamiaji pande zote mbili kunaweza kumtia mtu katika gharama ambazo hakuna hesabu ya lita itakayozitabiri. Kuhusu kisiwa chenyewe, hukumu ya mwongozo huu ni kwamba kinafaa kwa anayesafiri kama abiria, kwa nauli, akiwa na nia ya kuona maisha ya wavuvi na muda wa kutosha kurudi boti itakaporudi. Kukikodia boti ili kupiga picha na kugeuka ni kununua kwa bei kubwa kitu ambacho sehemu yake kubwa inaonekana Kashikishi bila malipo.

Kisichouzwa

Kinachoonekana bila malipo ni dagaa. Chisense, jina ambalo watu wa hapa huwaita samaki wadogo wa jamii ya dagaa wanaovuliwa kwa wingi katika Mweru, hufuatwa usiku kwa taa, kwa sababu huvutwa na mwanga na kujikusanya chini yake, kisha huinuliwa kwa nyavu na asubuhi hutandazwa juani kwenye mchanga. Usiku wa giza, mtu aliyesimama ufuoni huona mstari wa taa umetanda ziwani kana kwamba upande wa pili una jiji. Hakuna tiketi ya kuona hayo na hakuna dalali, ila kuna tarehe: mbalamwezi ikiwa kubwa nguvu ya taa hupungua, samaki hawakusanyiki vizuri, na wavuvi wengi hubaki nyumbani. Msafiri achague juma la mwezi mwandamo, na asubuhi yake ashuke kwenye uanikaji kabla ya jua kuwa kali, akitazama jinsi kina mama wanavyowapindua dagaa kwa ufagio wa vijiti na jinsi mnunuzi wa jumla anavyochota kiganja, kukivunjavunja na kukinusa ili kujua kama ndani kumekauka.

Mtego wa msimu unaonekana wazi zaidi katika samaki wa mezani. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika maziwa na mito mingi ya nchi ili samaki wazaliane, na Mweru imo ndani ya katazo hilo. Nyumba za wageni hazifungwi. Mgeni anayefika Januari kwa ajili ya pale, ambaye ni samaki wa jamii ya perege aliyeipa Mweru sifa, atauziwa samaki wa barafu, au wa magendo, au atakula kuku kwa bei ya samaki. Swali la kumuuliza mpishi ni samaki huyu amefika lini na kutoka wapi, na kama jibu halinyooki, macho ya samaki yatajibu, kwa kuwa aliyetoka ziwani asubuhi macho yake yamejaa na kung'aa, na aliyelala kwenye barafu macho yake yamezama na kupata utando.

Mutomboko na thamani ya kungoja

Kusini mwa Nchelenge, kwenye barabara iendayo Mansa, uko Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Waluunda wa bonde la Luapula. Nasaba yake ilitoka katika dola ya Mwata Yamvo, katika Kongo ya leo, na ufalme wake ulikuwa njiapanda ya biashara kati ya pwani zote mbili za bara hili. Mreno Francisco de Lacerda alifika huko mwaka 1798 na kufia hapohapo, na David Livingstone alipopita mwaka 1867 aliwakuta tayari wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Mutomboko, ngoma ya ushindi ambayo Mwata huicheza mwenyewe, imekuwa sherehe ya kila mwaka tangu 1971, na kwa kawaida kilele chake ni Jumamosi ya mwisho ya Julai.

Hapa ndipo ukanda huu unapokuwa na foleni ya kweli. Mji mdogo hupokea umati mkubwa kwa siku mbili tatu, bei za vyumba hupanda, na vyumba vyenyewe huisha. Kipimo kinachopendekezwa kwa matukio ya namna hii kina sehemu mbili. Kwanza, muda wa kungoja ulinganishwe na muda wa kuona: Mwata hucheza kwa dakika chache alasiri, ilhali umati huanza kukusanyika asubuhi. Kwa hesabu hiyo peke yake Mutomboko ingeonekana haifai. Lakini sehemu ya pili ya kipimo ni kama jambo lenyewe linaweza kupatikana siku nyingine, na jibu ni hapana. Mwata hachezi kwa ajili ya kundi la wageni mwezi Agosti, na ngoma yoyote itakayoonyeshwa hotelini kwa jina hilo ni ngoma ya wachezaji wa kulipwa, inayoweza kuwa nzuri, ila haina mtawala ndani yake. Kitu kisichorudiwa kinavumilia foleni ndefu kuliko kitu kinachopatikana kila siku. Kwa msingi huo Mutomboko inastahili jua lake.

Kinachoweza kupunguzwa ni gharama zinazoizunguka. Msafiri alale Nchelenge, au Kawambwa, aje Mwansabombwe asubuhi ya Jumamosi kwa gari la abiria na kurudi jioni, akiwa amekwisha kukubaliana na dereva juu ya safari ya kurudi, kwa sababu saa ya umati kutawanyika ndiyo saa ambayo nauli haina dari. Kabla ya kulipia kiti chenye kivuli aombe kusimama kwanza mahali kilipo. Viti vya heshima huwekwa kwa kufuata itifaki, yaani utaratibu wa vyeo vya wageni rasmi, na cheo cha kiti hakilingani kila mara na kinachoonekana kutoka hapo. Aliyekaa nyuma ya safu nne za wageni wa serikali anaweza kuona migongo mingi kuliko aliyesimama bure kwenye ukingo wa uwanja. Mwata huingia akiwa amebebwa machelani, na anapocheza hushika shoka na upanga. Anayetaka kuviona hivyo na nyayo zake kwa pamoja anahitaji kuwa na upenyo mbele yake, na hilo haliuzwi kwa tiketi ya aina yoyote.

Madai ya kihistoria

Kuna mtego mwingine ambao ni wa kitabu zaidi kuliko wa mfuko: mahali panapouzwa kwa hadithi ambayo tarehe zake hazikubaliani. Mfano wake mzuri uko Zanzibar, na umetajwa hapa kwa sababu njia ya kuugundua inafaa popote. Kisiwa cha Changuu huuzwa kwa jina la Kisiwa cha Gereza, na wageni wengi hurudi wakiamini wametembelea jela ya kale. Jengo hilo la mwaka 1893 lilikusudiwa kweli kuwa gereza, lakini halikupata kutumika hivyo, likawa kituo cha karantini, yaani mahali pa kuwatenga abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi. Safari ya Changuu bado inaweza kufaa, kwa ajili ya kobe wakubwa waliotoka Shelisheli mwaka 1919, mradi mtu ajue kwamba anawalipia kobe. Kanuni inayopatikana hapo ni fupi: mwongozaji aulizwe jengo lilijengwa mwaka gani na lilitumiwa na nani mwaka uliofuata. Anayejua hufurahia swali hilo.

Maporomoko: sifa, urefu na maji

Nje ya ziwa, kinachomvuta msafiri ni maporomoko, na hapa ndipo umaarufu unapopotosha zaidi. Msafiri wa nchi kavu anayetoka Tunduma kwa njia ya Kasama, Mporokoso na Kawambwa hupita karibu na Mto Kalungwishi, ambao humwaga maji yake Mweru na ambao una maporomoko kadhaa mfululizo. Lumangwe ndiyo makubwa kati ya hayo: pazia moja la maji lenye upana wa zaidi ya mita 100 na kimo cha mita 30 na ushei, likianguka mbele ya msitu unaoloweshwa na mvuke wake. Kilomita chache chini ya mto iko Kabwelume, ambapo maji huanguka kutoka pande kadhaa na kuzunguka bonde kama nusu duara. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba nyoka mkubwa aitwaye Lumangwe alikuwa amejinyoosha kutoka maporomoko haya hadi yale.

Maeneo haya yako chini ya Tume ya Taifa ya Uhifadhi wa Urithi, na kiingilio hulipwa kwa mtunzaji anayekata stakabadhi. Raia wa Zambia hulipa kiasi kidogo na mgeni wa nje hulipa zaidi, na ni vizuri kusema wazi kwamba tofauti hiyo si mtego: imewekwa rasmi, inaandikwa kwenye stakabadhi, na mwenyeji amekwisha kuchangia kwa kodi yake. Kinachotia shaka ni malipo yasiyo na karatasi, kama vile ada ya kuegesha gari inayodaiwa na kijana asiye na kitabu, au mwongozaji anayesisitiza kwamba njia ya kwenda kwenye ukingo haiwezi kupitwa bila yeye. Kwa Lumangwe njia ni fupi na mtu anaweza kuifuata kwa sikio. Kwa Kabwelume mwongozaji wa hapo anafaa kulipwa, kwa sababu njia ni ndefu zaidi, miamba huteleza, na mahali pazuri pa kusimama hubadilika kulingana na wingi wa maji.

Ukilinganisha kwa namba peke yake, Lumangwe haiwezi kushindana. Kalambo, kwenye mpaka wa Zambia na Mkoa wa Rukwa wa Tanzania, huanguka mita 221 kwa mruko mmoja, zaidi ya mara mbili ya mita 108 za maporomoko ya Mosi-oa-Tunya ya Mto Zambezi, ambayo yenyewe yana upana wa mita 1,708. Hata hivyo Kalambo inashuka kutoka mto mdogo, na mwishoni mwa kiangazi mruko huo mrefu hubaki kama utepe mwembamba. Iliongezewa sifa mwaka 2023, watafiti walipotangaza magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale yapata miaka 476,000 iliyopita, yaliyohifadhiwa na udongo wenye maji karibu na mto huo. Msafiri asiende akitarajia kuyaona: yalifukuliwa kwa ajili ya uchunguzi, na pale maporomokoni kinachotazamwa ni maji na korongo. Aende kati ya Februari na Mei, akiwa njiani, na hatajuta. Asizunguke siku mbili kwa ajili yake mwezi Oktoba.

Mosi-oa-Tunya inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza katika kila orodha ya Zambia, na kutoka Nchelenge ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, sehemu kubwa ikiwa ndani ya basi. Maji ya Zambezi hupanda baada ya mvua za nyanda za juu kuteremka polepole, na kufikia kilele kwa kawaida mwezi Aprili, ambapo mkondo huweza kuzidi mita za ujazo 3,000 kwa sekunde. Mwezi Oktoba na Novemba hushuka hadi mia chache tu. Tofauti hiyo haiyagusi maporomoko yote kwa usawa. Upande wa Zambia uko juu kidogo, na sehemu yake ya mashariki huwa ya kwanza kukauka, kiasi kwamba mgeni wa Novemba aliyelipa kiingilio kamili anaweza kusimama mbele ya ukuta wa mwamba mkavu, wakati upande wa Zimbabwe, unaotazamana na sehemu kuu, bado una maji. Aprili nayo ina hasara yake, kwa maana mvuke huwa mzito hadi mtu aloe bila kuona chini. Ngurumo atazisikia, picha hataipata. Juni hadi Agosti mwanzoni ndio muda ambao maji bado ni mengi na hewa imefunguka.

Wauzaji wa safari hawaelezi haya kwa hiari, kwa sababu picha zote za vipeperushi zilipigwa mto ukiwa umejaa. Njia mbili za kujikinga zinatosha. Mamlaka ya Mto Zambezi hutangaza mara kwa mara wingi wa maji yanayopita kabla ya maporomoko, na msafiri anaweza kulinganisha takwimu ya juma hili na ya Aprili kabla ya kukata tiketi. Njia ya pili haihitaji takwimu: muuzaji aombwe picha iliyopigwa juma hili kutoka upande uleule ambao tiketi inauzwa, na kama ana picha ya mwaka mzima isipokuwa ya juma hili, jibu limekwisha kutolewa. Msimu wa maji machache una bidhaa yake pia, yaani kuogelea kwenye kidimbwi kilichoko ukingoni kabisa mwa maporomoko, kupitia Kisiwa cha Livingstone. Bei yake ni kubwa mara kadhaa kuliko kiingilio, na inamfaa tu anayetaka msisimko wa kukaa ukingoni, kwa kuwa maporomoko yenyewe huonekana vibaya zaidi kutoka juu. Kinyume chake, upinde wa mvua wa usiku, unaotokea mbalamwezi inapopiga mvuke, hupatikana katika siku chache za mwezi mpevu wakati maji yamejaa, na hizo ndizo siku ambazo taa za dagaa za Mweru zimezimwa. Mwenye nia ya kuona vyote viwili katika safari moja aanzie Nchelenge kwenye giza la mwezi mwandamo, na awe na takribani siku kumi za kuteremka kusini kabla mwezi haujajaa.

Kwa aliyeko Nchelenge mwezi Oktoba, akiwa na nauli ya kwenda Mosi-oa-Tunya mkononi na juma moja la likizo, ushauri ni kuiacha safari hiyo hadi Juni. Mto Kalungwishi haukauki. Lumangwe ya Oktoba ni nyembamba kuliko ya Machi lakini bado ni pazia, kuna mahali pa kupiga hema ndani ya eneo la urithi, na gari la kukodi la siku mbili kutoka Kawambwa, likigawanywa na abiria watatu au wanne, hugharimu kiasi ambacho kinaweza kukadiriwa kwa hesabu ileile ya lita iliyotumika kwa boti, ila dereva atataka kuongezewa kwa ajili ya springi za gari, na kwa barabara ile atakuwa na haki.